Mafua na mazoezi: mpaka uko shingoni

Mtoto ameamka na kamasi. Anapiga chafya, sauti imebadilika, pua moja imeziba, lakini jezi ameshaifua tangu jana na alasiri kuna mpira. Mama anasema akae ndani mpaka apone. Baba anasema akacheze, jasho litatoa mafua. Bibi anasema upepo ndio utakaommaliza. Mtoto mwenyewe anangoja tu nani atashinda.

Katika mabishano hayo kila mmoja ana sehemu yake ya ukweli, na hakuna aliye na ukweli wote. Yapo mafua ambayo mtu anaweza kutembea nayo, kuendesha baskeli taratibu au kucheza kidogo bila kudhurika. Yapo mengine ambayo mazoezi, hata ya dakika chache, ni kosa ambalo linaweza kufika hadi kwenye moyo. Kwa macho ya nje, siku ya kwanza, haya mawili yanafanana sana. Ndiyo maana madaktari wa michezo wana kipimo kimoja chepesi, kisichohitaji mashine, cha kuyatenganisha: tazama dalili ziko juu ya shingo au chini ya shingo.

Kipimo hiki kilienea baada ya daktari mmoja wa Marekani, Dk. Randy Eichner wa Chuo Kikuu cha Oklahoma, kukiandika mwaka 1993 kwa ajili ya madaktari wanaohudumia wanamichezo. Kabla ya hapo kila kocha alikuwa na sheria yake. Tangu wakati huo kimekuwa kikifundishwa sehemu nyingi za dunia, na mzazi anaweza kukitumia nyumbani asubuhi kabla mtoto hajavaa viatu.

Juu ya shingo, chini ya shingo

Dalili za juu ya shingo ni hizi: kamasi, pua kuziba, chafya, macho kutoa machozi kidogo, na koo kuwasha au kukwaruza. Ikiwa mtoto ana hizo tu, hana homa, anakula na anazungumza kama kawaida yake, mazoezi mepesi hayamdhuru.

Dalili za chini ya shingo ni hizi: kikohozi kinachotoka kifuani, kifua kubana au kufanya mluzi, kukosa pumzi, viungo na misuli kuuma, kutetemeka kwa baridi, kutapika, kuharisha au tumbo kuuma. Ikiwapo hata moja, mazoezi yasimame. Homa nayo huhesabiwa upande huu, hata kama mtu anaisikia kichwani, kwa sababu homa ni ya mwili mzima.

Koo huwachanganya wengi, maana liko shingoni penyewe. Koo linalowasha tu, lililokuja pamoja na kamasi na chafya, huhesabiwa juu. Lakini koo linalouma sana hata kumeza mate ni shida, pamoja na homa na tezi zilizovimba chini ya taya, tena bila kamasi wala kikohozi, ni jambo jingine kabisa. Hilo linaweza kuwa ni bakteria, na kwa watoto wa umri wa skuli lisipotibiwa linaweza baadaye kuleta baridi yabisi inayoharibu vali za moyo. Mtoto huyo hahitaji kuambiwa acheze au asicheze. Anahitaji kupelekwa kituo cha afya atazamwe koo na apewe dawa inayostahiki, na amalize dozi yake.

Kwa nini pua haizuii miguu

Mafua ya kawaida mara nyingi husababishwa na virusi viitwavyo rinovirusi. Viko vya aina zaidi ya 100, ndiyo maana mtu haishi kuugua mafua maisha yake yote, na mtoto mdogo anaweza kuugua mara sita au nane kwa mwaka bila ya kuwa na kasoro yoyote. Virusi hivi hupenda ubaridi kuliko joto la ndani ya mwili. Huzaana vizuri zaidi kwenye joto la nyuzi 33 hivi, ambalo ndilo joto la ndani ya pua, kuliko nyuzi 37 za kifuani na tumboni. Kwa hiyo katika mafua mengi mapambano hubakia puani na kooni. Misuli ya miguu, mapafu na moyo huwa havijaguswa.

Hili halikubakia kuwa dhana tu. Miaka ya 1990, Dk. Thomas Weidner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ball State, katika jimbo la Indiana huko Marekani, waliwachukua vijana 50 wenye afya njema na kuwatia rinovirusi puani kwa makusudi, kwa ridhaa yao. Vijana 34 kati yao walifanya mazoezi ya wastani kwa dakika 40, siku moja wakifanya na siku moja wakipumzika, kwa muda wa siku 10. Wengine 16 hawakufanya mazoezi. Kila baada ya saa 12 walijaza karatasi ya dalili zao, na watafiti walifika hadi ya kukusanya karatasi walizopengea kamasi na kuzipima uzito, ili wasitegemee maneno matupu.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1998 yalikuwa haya: makundi mawili hayakutofautiana. Waliofanya mazoezi hawakuugua zaidi, wala hawakuchelewa kupona. Lakini pia hawakupona mapema. Basi baba anayesema jasho hutoa mafua, utafiti haumuungi mkono; na mama anayeogopa kwamba mtoto akitembea tu mafua yatamshukia kifuani, naye haumuungi mkono.

Kuna kitu kimoja ambacho baba hakukiona vibaya. Mtu mwenye pua iliyoziba akianza kutembea kwa haraka, baada ya dakika chache pua hufunguka. Hii ni kwa sababu mwili unapojishughulisha hutoa kichocheo kinachobana mishipa ya damu iliyovimba ndani ya pua, na njia ya hewa hupanuka. Ni nafuu ya muda mfupi. Akikaa, pua hurudi kuziba kama mwanzo. Virusi viko pale pale, na siku za mafua ni zile zile, wiki moja hadi siku 10.

Yafaa kukumbuka utafiti ule una mipaka. Walikuwa ni watu wazima vijana, wenye afya, waliotiwa aina moja tu ya virusi vilivyo vipole, na mazoezi yao yalikuwa ya wastani. Haukupima mashindano, mbio za kufa na kupona, wala watoto wenye pumu. Ndiyo maana kipimo cha shingo husema mazoezi mepesi, hakisemi mechi ya fainali.

Kwa nini homa ni mpaka usiovukwa

Homa ina maana kwamba vita vimetoka puani na kuingia mwilini. Kwa kila nyuzi moja ya joto inayozidi, moyo huongeza mapigo yapata 10 kwa dakika, hata mtu akiwa amelala. Mtoto mwenye homa ya nyuzi 39 moyo wake tayari unafanya kazi ya mtu anayetembea. Akiongeza mbio juu yake, moyo unabeba mizigo miwili. Mwili nao unatoa joto jingi kwa mazoezi wakati tayari umeshindwa kulishusha lililopo, na katika jua na unyevu wa pwani jasho halikauki upesi ili kuupoza. Maji yanapotea, kichwa kinazunguka, na mtoto anaweza kuanguka.

Hofu kubwa zaidi ya madaktari ni msuli wa moyo. Baadhi ya virusi, hasa vya jamii ya koksaki, huanza kama homa ya kawaida yenye maumivu ya mwili, kisha huingia kwenye msuli wa moyo na kuufanya uvimbe. Mwaka 1970 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya majaribio kwa panya. Waliwaambukiza virusi vya koksaki, wakawagawa: wengine waliachwa wapumzike, wengine walilazimishwa kuogelea. Katika mioyo ya walioogelea virusi viliongezeka mara nyingi kupita wale waliopumzika, na mioyo yao iliharibika zaidi. Binadamu si panya, na uvimbe wa msuli wa moyo ni ugonjwa wa nadra. Lakini hakuna mzazi wala daktari anayeweza kujua kwa kutazama tu kwamba homa hii imetokana na virusi gani. Kwa kuwa kupumzika siku chache hakugharimu kitu, na moyo ukiharibika gharama yake haina mfano, jibu ni moja kwa homa zote: hakuna mazoezi.

Dalili za moyo kuguswa ni maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio au kuruka ruka bila sababu, kukosa pumzi kwa kazi ndogo kama kupanda ngazi, na kuzimia. Zikitokea wakati wa ugonjwa au wiki chache baada yake, mtoto asirudi mchezoni hata akisema amepona. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Mfano wa kijana mmoja wa Chokocho

Chukua mfano wa kijana wa miaka 13 anayekaa Chokocho, kusini mwa Pemba katika wilaya ya Mkoani. Anakwenda skuli asubuhi, chuoni alasiri, na kabla ya magharibi hucheza mpira na wenzake. Mama yake anajua mapigo yake ya kawaida asubuhi ni 72 kwa dakika, kwa sababu aliwahi kuyahesabu akiwa mzima, kabla hajatoka kitandani. Vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, na saa ya simu kwa dakika nzima. Hiyo ni namba ambayo kila mzazi anaweza kuwa nayo kwa kila mtoto.

Mara ya kwanza anaamka Jumamosi na kamasi jepesi kama maji. Anapiga chafya, koo linawasha. Mama anampima kwapani kwa kipimajoto: nyuzi 36.8. Mapigo 75. Amekunywa chai na mihogo, na ameomba nyongeza. Anakohoa? Kidogo, kwa kamasi linaloteremka kooni, si kutoka kifuani. Viungo haviumi. Zote ziko juu ya shingo.

“Mama, niende mpirani?”

“Nenda, mwanangu, lakini leo hukimbii. Piga pasi na wenzako, ukiona kichwa kizito rudi.”

Hapo ndipo kinapoingia kipimo cha dakika 10. Dk. Eichner aliwashauri wanamichezo wenye dalili za juu ya shingo waanze kwa nusu ya kasi yao na wajisikilize kwa dakika 10. Ikiwa kichwa kinafunguka na mwili unachangamka, waendelee, bado kwa upole. Ikiwa kila hatua inagonga kichwani, miguu ni mizito au pumzi inakuwa fupi, waache na warudi nyumbani. Kijana huyu baada ya dakika 10 anajisikia vizuri. Anacheza nusu saa akirudisha mipira, anarudi, anaoga, anakula, analala mapema. Jumatano yuko kama kawaida yake.

Mara ya pili, miezi kadhaa baadaye, inaanza vile vile. Siku ya kwanza kamasi, siku ya pili kamasi na koo. Siku ya tatu asubuhi anasema amepona kidogo na anataka kwenda. Lakini mama anaona hakumaliza chai. Anamhesabu mapigo: 94. Hiyo ni 22 zaidi ya kawaida yake akiwa kitandani, na hapo tayari kuna jambo. Kipimajoto kinasema 38.3. Anapoulizwa vizuri anakiri miguu inamuuma na usiku alisikia baridi. Dalili zimevuka shingo. Mpira hakuna leo wala kesho, na safari inayofuata ni ya kituo cha afya.

Tazama kilichobadilika kati ya mara ya kwanza na ya pili. Si kamasi, kamasi lilikuwa lile lile. Ni mambo manne ambayo mama aliyatazama kwa mpangilio: joto, mapigo ya asubuhi, hamu ya kula, na maumivu ya mwili. Yote yalichukua dakika tano. Tena hakuyatazama siku ya kwanza tu. Ruhusa ya Jumamosi si ruhusa ya Jumatatu. Kipimo cha shingo hurudiwa kila asubuhi, maana ugonjwa unaoteremka huanzia juu.

Kipimo hiki kilitengenezwa kusiko na malaria

Hapa ndipo wazazi wa pwani yetu wanapopaswa kuwa waangalifu kuliko mzazi wa Oklahoma. Kichwa kuuma kiko juu ya shingo, na mzazi wa huko anaweza kukihesabu kuwa ni mafua. Kwetu malaria nayo huweza kuanza kwa kichwa kuuma na uchovu kabla homa haijapanda. Zanzibar imepunguza malaria kwa kiasi kikubwa mno, kiasi kwamba watoto wengi wa leo hawajawahi kuiugua. Lakini haijakwisha, na mtoto ambaye hajawahi kuipata hana kinga yake. Kwa hiyo sheria ni hii: homa yoyote, hata ikiwa na kamasi, ipimwe malaria kwa kipimo cha tone la damu la kidoleni, ambacho jibu lake hutoka kwa muda mfupi. Kichwa kinachouma sana bila kamasi, au pamoja na shingo kukaza na mtoto kukimbia mwangaza, si cha kungoja kipimo cha shingo. Ni cha kwenda hospitali sasa hivi.

Surua nayo hujificha ndani ya mafua. Siku zake za mwanzo ni kamasi, kikohozi, macho mekundu na homa kali. Vipele hufuata baada ya siku chache. Mtoto ambaye hakukamilisha chanjo zake na ana mchanganyiko huo asipelekwe mpirani, chuoni wala kwenye shughuli ya harusi, bali kwa daktari.

Mazoezi mepesi ni yepi

Neno “mepesi” kila mtu hulipima kwa kamba yake, na kijana wa miaka 15 kamba yake ni ndefu. Kipimo kizuri ni mazungumzo. Mazoezi ni mepesi ikiwa anayefanya anaweza kuzungumza sentensi nzima bila kutweta. Akiweza kusema maneno mawili tu kisha anavuta pumzi, si mepesi tena. Kutembea, kuendesha baskeli kwenye njia tambarare, kuruka kamba kwa mapumziko, kupiga pasi za mpira, vyote huingia humo, kwa nusu saa hivi, wakati jua limepungua. Mbio za mashindano, mechi nzima, kunyanyua mizigo mizito na kupanda kilima kwa baskeli iliyopakiwa, vingoje.

Kuogelea kuna sheria yake, na kwa watoto wa vijiji vya bahari ni muhimu. Kuogelea juu juu kwenye maji ya kina kifupi si tatizo, lakini kupiga mbizi na pua imeziba ni tatizo. Kuna kijinjia kinachotoka nyuma ya pua hadi ndani ya sikio, na kazi yake ni kusawazisha mgandamizo. Mafua yakikiziba, mtoto anapozama hata mita mbili au tatu, maji husukuma ngoma ya sikio kwa ndani bila hewa ya kuirudisha. Husikia maumivu makali, na akilazimisha, ngoma inaweza kupasuka. Ikipasuka akiwa chini ya maji, anaweza kupata kizunguzungu kikali asijue juu ni wapi. Mpaka pua ifunguke pande zote mbili, hakuna mbizi.

Mtoto mwenye pumu naye hesabu yake ni tofauti. Kwake mafua ya puani mara nyingi ndiyo yanayoamsha kifua, na mazoezi nayo huamsha kifua. Vikikutana viwili, kifua kinaweza kubana usiku hata kama mchana alionekana mzima. Mtoto huyo apumzike siku za mwanzo za mafua, dawa yake ya kuvuta iwe karibu, na mluzi wa kwanza wa kifua uwe ndio mwisho wa mchezo.

Dawa zinazodanganya kipimo

Kosa kubwa linalofanywa na kipimo cha shingo ni kupima baada ya kumeza panadoli. Panadoli hushusha homa na kuondoa maumivu kwa saa nne hadi sita. Haitibu kilicholeta homa. Mtoto aliyepewa panadoli saa nane mchana, saa kumi atapimwa nyuzi 37 na atasema haumwi na kitu. Ataingia uwanjani, na homa itamrudia akiwa katikati ya mbio. Joto lipimwe kabla ya dawa. Na kusema “homa imekwisha” maana yake ni saa 24 zimepita bila homa na bila panadoli. Watoto wasipewe aspirini kwa mafua au homa, kwa sababu inaweza kuleta madhara mabaya ya ini na ubongo.

Dawa nyingine ni vidonge vya mafua vinavyoleta usingizi, kama Piriton. Hukausha kamasi, lakini huzubaisha kichwa na kupunguza wepesi wa mikono na miguu. Kwa anayekaa nyumbani ni usingizi tu. Kwa kijana anayeendesha baskeli barabarani au baba anayepanda mkarafuu msimu wa kuchuma, ni hatari ya kuanguka. Pemba ina watu wengi wanaopanda mikarafuu na minazi, na kupanda mti ni kazi nzito, si mazoezi mepesi. Aliyemeza dawa hiyo asipande siku hiyo. Zile dawa za kufungua pua nazo huongeza mapigo ya moyo, kwa hiyo huharibu hesabu ya asubuhi na kuufanya mchezo mwepesi kuwa mzito.

Antibiotiki hazina kazi kwenye mafua, kwa kuwa haziui virusi. Kamasi kugeuka rangi ya manjano au kijani siku ya tatu au ya nne ni mwendo wa kawaida wa mafua, na peke yake si sababu ya kununua vidonge dukani.

Kurudi mchezoni

Aliyekuwa na dalili za juu tu hana haja ya ratiba. Anaongeza kidogo kidogo kadiri anavyochangamka. Aliyekuwa na homa anangoja zipite zile saa 24, halafu anapanda ngazi. Siku ya kwanza anatembea dakika 15 au 20. Akilala vizuri na mapigo ya asubuhi yamerudi karibu na namba yake ya kawaida, siku ya pili anakimbia taratibu. Siku ya tatu anafanya mazoezi na wenzake bila mechi. Baada ya hapo ndiyo mechi. Akichoka kupita kawaida, au mapigo ya asubuhi yakapanda tena, anashuka ngazi moja na kupumzika siku moja. Aliyelala kitandani wiki nzima kwa homa ya mafua kali atahitaji wiki moja au zaidi kabla ya kushindana.

Yupo pia mtu wa pili ambaye kipimo cha shingo hakimtaji: mwenzake. Kipimo kinasema mazoezi hayamdhuru mgonjwa, hakisemi haambukizi. Siku mbili tatu za mwanzo ndizo anazoambukiza zaidi. Kwa hiyo hata mwenye dalili za juu tu ni bora atembee au acheze peke yake siku hizo, asichangie chupa ya maji wala kikombe kimoja uwanjani, na anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumbeba mdogo wake. Mafua ambayo kwake ni kamasi tu, kwa mtoto wa miezi miwili au bibi mwenye kifua yanaweza kuteremka mapafuni.

Kwa watoto wadogo, kaza macho kifuani

Kipimo cha shingo kinamfaa mtoto anayeweza kueleza anavyojisikia. Walio chini ya miaka mitano hawajui kusema misuli inauma. Hao mazoezi yao ni mchezo, na wenyewe hujipimia: mwenye mafua mepesi atacheza, akichoka atalala. Mzazi asimlazimishe kukaa wala kukimbia. Kazi ya mzazi ni kuhesabu pumzi, mtoto akiwa ametulia, kwa dakika nzima, akitazama kifua au tumbo linavyopanda.

Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Kwa wa miezi miwili hadi mwaka mmoja, ni 50 au zaidi. Kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni 40 au zaidi. Zikifika hapo, au nyama za chini ya mbavu zikiingia ndani kila anapovuta pumzi, hiyo inaweza kuwa nimonia. Asingojewe mpaka asubuhi. Kwa wanaokaa Chokocho na vijiji jirani, na kwa wanaovuka kutoka Kisiwa Panza, hospitali ya Abdalla Mzee iko Mkoani.

Na kwa mkubwa au mdogo, kikohozi kilichopita wiki mbili hakihesabiwi tena kuwa ni mafua. Kipelekwe kupimwa, ikiwemo kifua kikuu, hata kama mwenye nacho bado anakimbia.